Nyongeza ya asilimia 20 si faida ya asilimia 20: dhana potofu na ukweli kwa mwenye duka

Katika maduka mengi ya rejareja jijini Nairobi, bei hupangwa kwa njia moja: mwenye duka huchukua gharama ya bidhaa, akaiongezea asilimia fulani, na jumla inayopatikana ndiyo bei anayomtajia mteja. Njia hiyo haina kosa lolote. Kosa huingia mwisho wa mwezi, asilimia ileile iliyopigwa juu ya gharama inapochukuliwa na kupigwa juu ya mauzo, kana kwamba hivyo viwili ni kiasi kimoja.

Katika maelezo haya, nyongeza ni faida ikipimwa kwa gharama ya kununulia, na kiwango cha faida ghafi ni faida hiyohiyo ikipimwa kwa bei ya kuuzia. Faida ghafi ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama ya bidhaa iliyouzwa, kabla ya kodi ya chumba, mishahara, umeme na ushuru.

Dhana: Ukiongeza asilimia 20, umepata faida ya asilimia 20.

Tuchukue sufuria iliyonunuliwa Kamukunji na kufikishwa katika duka la vyombo mtaani Umoja, gharama yake yote pamoja na usafiri ikiwa shilingi 1,000. Mwenye duka anaongeza asilimia 20, anaiuza kwa shilingi 1,200, na anabaki na shilingi 200. Ukiuliza hizo 200 ni sehemu gani ya gharama, jibu ni asilimia 20. Ukiuliza ni sehemu gani ya pesa zilizoingia kwenye droo, jibu ni 200 kwa 1,200, yaani sudusi, ambayo ni asilimia 16.67. Shilingi hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni kile zinachogawanywa nacho, na kwa kuwa bei ya kuuzia daima ni kubwa kuliko gharama pale penye faida, kiwango cha faida ghafi daima kitakuwa kidogo kuliko nyongeza.

Kwa anayetaka kufanya hesabu hii kichwani bila simu wala kikokotoo, sehemu ni rahisi kuliko asilimia. Nyongeza ya humusi huzaa faida ya sudusi. Nyongeza ya robo huzaa faida ya humusi. Ya theluthi huzaa robo, na ya nusu huzaa theluthi. Kwa hiyo anayetaka kweli kubaki na asilimia 20 ya mauzo lazima aongeze asilimia 25, na sufuria yetu iuzwe kwa shilingi 1,250. Wanaotumia jedwali la kompyuta hukosea mahali hapa hasa. Ikiwa gharama imeandikwa katika seli ya B2, fomula ya kwanza hapa chini inatoa nyongeza ya asilimia 20, na ya pili inatoa faida ghafi ya asilimia 20:

```
=B2*1.2
=B2/0.8
```

Dhana: Hesabu ya bidhaa ikipungua, kijana wa dukani ameiba.

Hapa ndipo tofauti hii, ambayo kwenye karatasi huonekana kama ubishi wa wahasibu, inapoweza kumfukuzisha mtu kazi. Maduka madogo mengi hayaandiki gharama ya kila kitu kinapouzwa. Huandika mauzo tu, kisha mwisho wa mwezi mwenye duka hukadiria ni bidhaa za thamani gani zinapaswa kuwa zimebaki, na kulinganisha makadirio hayo na zile anazohesabu kwenye rafu. Ni njia nzuri ya kulinda duka, lakini inategemea kabisa asilimia iliyotumiwa.

Tuseme duka hilo la Umoja lilianza mwezi likiwa na bidhaa zenye gharama ya shilingi 400,000, likanunua nyingine za 230,000, na likauza kwa shilingi 300,000, kila kitu kikiwa kimeongezwa asilimia 20 bila kupunguziwa mteja yeyote. Mama mwenye duka anajisemea kwamba faida yake ni asilimia 20, kwa hiyo katika mauzo ya 300,000 faida ni 60,000 na gharama ya vilivyouzwa ni 240,000. Anajumlisha 400,000 na 230,000, anatoa 240,000, na kutarajia kukuta bidhaa za 390,000. Anahesabu rafu kwa uangalifu, anakuta 380,000. Shilingi elfu kumi hazionekani, na aliyekuwa na ufunguo ni kijana mmoja tu.

Kumbe hakuna kilichopotea. Bei za kuuzia zilitokana na kuzidisha gharama kwa 1.2, kwa hiyo gharama hupatikana kwa kugawanya mauzo kwa 1.2, si kwa kuyatoa asilimia 20. Mauzo ya 300,000 yakigawanywa kwa 1.2 yanatoa gharama ya 250,000 na faida ghafi ya 50,000, na bidhaa zinazopaswa kubaki ni za 380,000, zilezile zilizokutwa. Elfu kumi zilizoitwa wizi ni tofauti kati ya asilimia 20 na asilimia 16.67 ya mauzo, na hazikupata kuwa dukani hata siku moja.

Kosa la namna hii lina alama yake, na anayeijua anaweza kulitambua kabla ya kumwita mtu na kumhoji. Upungufu wa kimahesabu hufuata mauzo kwa uaminifu: kila mwezi huwa ni asilimia 3.33 ya mauzo. Desemba mauzo yakipanda hadi 450,000, upungufu utakuwa 15,000. Januari, karo za shule zikiwa zimewamaliza wateja na mauzo yakishuka hadi 240,000, utakuwa 8,000. Mwizi hana nidhamu ya aina hiyo. Wizi huja kwa kuruka, huelekea bidhaa fulani zinazouzika upesi mitaani, na hauna sababu ya kushuka kwa uwiano uleule kila biashara inapolala. Kwa hiyo kabla ya kukata mshahara wa mtu, chukua upungufu wa miezi mitatu au minne, ugawanye kila mmoja kwa mauzo ya mwezi wake, na uangalie kama majibu yanakaribiana.

Kipimo hiki kina mipaka. Kinafaa pale ambapo nyongeza ni moja kwa bidhaa zote na bei zilizobandikwa ndizo zilizolipwa. Sahani za kauri zikivunjika, au bei zikishushwa bila kuandikwa, upungufu wa kweli hujichanganya na ule wa kimahesabu, na hapo ni lazima kwanza kusahihisha asilimia ndipo kinachobaki kichunguzwe.

Dhana: Nikiwa na nyongeza ya asilimia 20, naweza kupunguza bei kwa asilimia 20 nikarudisha pesa zangu.

Sivyo. Nyongeza ilihesabiwa juu ya 1,000, lakini punguzo huhesabiwa juu ya 1,200. Asilimia 20 ya 1,200 ni 240, bei inashuka hadi 960, na sufuria imeuzwa kwa hasara ya shilingi 40. Punguzo la mwisho linalorudisha gharama bila senti ya ziada ni lile lililo sawa na kiwango cha faida ghafi, yaani asilimia 16.67.

Hata punguzo dogo huuma kuliko linavyoonekana, na mteja wa Nairobi ni nadra kuuliza bei bila nia ya kuishusha. Akiomba sufuria ya 1,200 kwa 1,100, bei imepungua kwa sehemu moja kati ya kumi na mbili, lakini faida imetoka 200 hadi 100, imekatika nusu. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mwenye duka anayejua kwamba atavutwa bei anapaswa kupanga nyongeza yake kutokana na bei anayotarajia kulipwa, na si ile aliyoibandika.

Dhana: Tofauti ya asilimia tatu ni ndogo, haiwezi kuzamisha duka.

Asilimia 3.33 ya mauzo ni ndogo ukiilinganisha na mauzo. Haiko hivyo ukiilinganisha na kile kinachobaki baada ya gharama nyingine kulipwa. Duka letu lina kodi ya chumba ya shilingi 18,000, mshahara wa kijana wa 20,000, na umeme na maji ya 3,000. Mauzo ya 300,000 kwa mwezi ni milioni 3.6 kwa mwaka, na biashara ya kiwango hicho inayolipa ushuru wa mauzo hutozwa kwa mauzo yote, bila kutoa gharama. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru huo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, kwa hiyo duka linadaiwa shilingi 9,000 kila mwezi. Matumizi yote yanafika 50,000.

Mama aliyeamini kwamba faida ghafi yake ni 60,000 anangojea shilingi 10,000 za kupeleka nyumbani. Faida ghafi yenyewe ni 50,000, na hakuna kinachobaki. Ushuru huo wa mauzo ndio sababu kubwa ya kumfanya mfanyabiashara mdogo wa Kenya azoee kupima faida yake kwa mauzo: asilimia 3 ya mauzo haitolewi kwenye nyongeza ya 20, hutolewa kwenye kiwango cha faida ghafi cha 16.67, na humeza karibu humusi nzima ya faida hiyo.

Dhana: Ukiwa na nyongeza tofauti, chukua wastani wake.

Duka hilohilo likianza kuuza mabeseni ya plastiki kwa nyongeza ya asilimia 50 pamoja na sufuria za asilimia 20, wastani wa 35 hausemi lolote kuhusu faida ya mwezi, kwa sababu hautazami ni kipi kiliuzwa zaidi. Mauzo ya sufuria yakiwa 200,000 na ya mabeseni 100,000, kila upande unaleta faida ya takriban 33,333, na jumla ya 66,667 katika mauzo ya 300,000 ni asilimia 22.2. Mwezi ambao mabeseni yatauzika zaidi kiwango hicho kitapanda, na mwezi wa sufuria kitashuka, bila bei yoyote kubadilishwa. Anayetaka makadirio ya rafu yaendelee kuaminika katika hali hiyo itambidi atenge safu mbili katika daftari la mauzo, agawanye ya sufuria kwa 1.2 na ya mabeseni kwa 1.5, kisha ndipo ajumlishe gharama.