Rwp ya 3.8 iliyonidanganya: udongo wa Hombolo kwenye mashine ya eksirei

Mzee mmoja anayechoma vigae vya kuezekea aliniletea ndoo ya udongo mwekundu aliouchimba upande wa Hombolo, Dodoma. Shida yake ilikuwa moja. Vigae vinapasuka vikiwa bado vinakauka kivulini, kabla hata ya kuingia tanurini. Nikamwambia nitaupima nione umechanganyika na nini. Siku mbili baadaye nilikuwa na majibu kwenye skrini: kwatsi asilimia 55, feldispa 25, oksidi za chuma 6, na kaolini, yaani madini ya mfinyanzi, 14. Chini yake palisomeka namba za ulingano wa modeli na kipimo, ambazo zikiwa ndogo huhesabiwa nzuri: Rwp 3.8 na χ² 1.4. Kijana ninayefanya naye kazi akachungulia akasema, "Dada, hii imekaa vizuri kuliko zote za mwezi huu. Tuchape ripoti?"

Tukachapa. Mzee alipofika akaisoma taratibu, akainua macho. "Binti yangu, kwa hesabu hizi udongo wangu ni mchanga mtupu. Mbona ukiushika unanata vidoleni kama ugali wa muhogo?"

Alikuwa sahihi. Udongo wenye kaolini 14 tu na kwatsi zaidi ya nusu haunati hivyo, wala haujikunji kiasi cha kupasuka. Nikarudi mezani.

Kwanza niseme zile namba zinapima nini, maana wengi tunazisoma kama alama za mtihani. Mashine inapiga eksirei kwenye unga wa udongo na kuhesabu miale inayotoka kwa kila pembe. Hugo Rietveld, Mholanzi, alionesha mwaka 1969, kwa data za nyutroni, kwamba huna haja ya kuvikata vilele kimoja kimoja: unajenga modeli ya grafu nzima kutokana na muundo wa fuwele, kisha unailinganisha na kipimo nukta kwa nukta. Programu inavipindisha vigezo mpaka tofauti iliyobaki iwe ndogo iwezekanavyo. Tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa hizi:

```
Rwp  = sqrt[ Σ w(yo − yc)² / Σ w·yo² ]
Rexp = sqrt[ (N − P) / Σ w·yo² ]
χ²   = (Rwp / Rexp)²
```

`yo` ni hesabu iliyopimwa, `yc` ni iliyokokotolewa, `w` ni uzito wa kila nukta, N ni idadi ya nukta na P idadi ya vigezo vinavyorekebishwa. Rexp ni Rwp ambayo ungeipata kama modeli ingekuwa kamilifu na kilichobaki kikawa ni bahati nasibu ya kuhesabu tu.

Sasa angalia kitu ambacho watu hukipita haraka. Miale ikihesabiwa moja moja, uzito wa nukta ni 1 gawanya kwa hesabu yake. Weka hilo kwenye fomula: `Σ w·yo²` inageuka kuwa jumla tupu ya hesabu zote za grafu. Kwa hiyo Rexp ni takriban 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha wastani wa hesabu kwa nukta. Wastani ukiwa 100, Rexp ni asilimia 10. Ukiwa 10,000, ni asilimia 1. Haijali hesabu hizo zimetoka kwenye kilele cha madini au kwenye sakafu ya grafu, yaani ile miale inayoingia hata pasipokuwa na kilele chochote.

Na sakafu ya udongo huu ilikuwa ndefu kama ghorofa. Tyubu yetu ni ya shaba. Eksirei zake zina nishati ya 8.05 keV, na chuma huanza kung'aa chenyewe kikipigwa na chochote kinachozidi 7.11 keV. Udongo mwekundu wa Dodoma ni mwekundu kwa sababu ya chuma, hivyo sampuli nzima inawaka na kumwaga miale isiyo na habari yoyote ya fuwele. Tyubu ya kobalti, yenye 6.93 keV, ingekwepa tatizo hili, ila huna unachotaka, una ulichonacho. Kwenye grafu yangu wastani ulikuwa hesabu 1,000 kwa nukta, na kama 850 kati ya hizo zilikuwa sakafu.

Sakafu ni rahisi kufuatisha. Mstari uliopinda kidogo unatosha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya "ulingano" wangu mzuri ilikuwa ni mstari kulala juu ya mstari. Nilipoiambia programu iondoe sakafu kwenye kigawanyo, Rwp ileile ikawa kama 17. Modeli haikubadilika hata kidogo.

Na ile χ² ya 1.4? Rexp ilikuwa 3.16 (hesabu 1,000, unakumbuka), na 3.8 gawanya kwa 3.16, kipeo cha pili, ni 1.4. Maana yake halisi ni kwamba kelele ya kipimo ilikuwa kubwa kiasi cha kulifunika kosa la modeli. Nilirudia kipimo kwa muda mara 9 zaidi, nikaacha mashine usiku kucha. Rexp ikashuka hadi karibu 1.05 na Rwp hadi karibu 2.4, lakini χ² ikaruka hadi 5. Data bora, modeli ileile, na χ² mbaya zaidi. Anayefukuzia χ² ya 1 angerudi kwenye kipimo cha haraka na kulala usingizi mzuri. (Ukiona χ² chini ya 1, usishangilie. Mara nyingi faili limegeuzwa kuwa hesabu kwa sekunde au limelainishwa, na programu inakadiria uzito kwa namba ambazo si hesabu tena.)

Kwa data hizo za usiku, mstari wa tofauti ulianza kusema. Tofauti nzuri inacheza juu na chini ya sifuri bila mpangilio. Wangu, kati ya pembe za nyuzi 19.5 na 25, ulikuwa unapanda polepole, unakaa juu, halafu unashuka. Hapo ndipo kaolini hukaa. Kaolini ya udongo wa kawaida haina mpangilio mzuri: matabaka yake yamelaliana ovyo kama karata zilizosukumwa, hivyo vilele vyake katika eneo hilo vinayeyuka na kuungana kuwa kilima kimoja kipana.

Nikafungua orodha ya vigezo, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kuchapa. Sakafu nilikuwa nimeipa vipengele 18. Nilianza na 6, nikawa naongeza viwili viwili kwa sababu kila mara Rwp ilishuka kidogo. Mstari wenye vipengele 18 unaweza kujipinda kuliko unavyodhani, na wangu ulikuwa umejipinda ukapanda juu ya kile kilima cha kaolini ukakihesabu kuwa sakafu. Kaolini iliyobaki ilikuwa ile ya vilele vichache vikali tu. Ukitaka kuliona kosa hili, chora mstari wa sakafu peke yake, bila vilele. Sakafu ya mng'ao wa chuma inapaswa kuwa karibu bapa. Yenye tumbo chini ya vilele vya madini unayoyapima inaiba. Dalili nyingine ilikuwa Uiso ya feldispa, iliyotoka hasi. Uiso ni kipimo cha mtikisiko wa atomu, na hakuna atomu inayotikisika chini ya sifuri. Kigezo kikienda mahali pasipowezekana ujue kinabeba mzigo wa kosa lililo kwingine.

Lakini vyote hivi ni kuishuku grafu kwa kutumia grafu. Nilitaka ushahidi wa nje, na kwa kaolini upo, tena wa bei rahisi. Kaolini safi ikichomwa hupoteza asilimia 13.96 ya uzito wake kwa kutoa maji yaliyomo ndani ya muundo. Nikachoma sampuli kwa nyuzijoto 400 kwanza, ili gethiti, oksidi ya chuma yenye maji ndani yake, itoe maji yake na isinichanganye, nikapima, kisha nikachoma kwa 700 na kupima tena. Kati ya hapo ulipotea uzito wa asilimia 4.1. Gawanya kwa 13.96: kaolini 29. Nilikuwa nimeshadondoshea udongo asidi iliyopunguzwa nguvu na haukutoa povu, kwa hiyo haikuwa chokaa inayotoa gesi.

Kaolini 29, na ripoti yangu inasema 14.

Kuna jambo jingine hapa. Asilimia za Rietveld hujumlishwa kuwa 100 kwa lazima, hata kama nusu ya sampuli haionekani. Kwa hiyo kile kisichoonekana hakipungui tu, kinawavimbisha waliobaki. Nikachukua gramu 8 za udongo, nikachanganya na gramu 2 za unga wa korundamu, fuwele safi ambayo kiasi chake nakijua, yaani asilimia 20, nikapima upya na modeli yangu ya zamani. Programu ikanipa korundamu 23.5. Tangu lini mtu akaweka 20 akavuna 23.5? Hesabu yake ni hii:

```
isiyoonekana = (1 − 20/23.5) / (1 − 0.20) = 0.186
```

Asilimia 18.6 ya udongo ilikuwa imemezwa. Kilichoonekana ni 81.4, na 14 kwa mia ya hiyo ni 11.4 ya kaolini. Jumlisha 11.4 na 18.6 unapata 30. Tanuru lilisema 29. Hapo nikatulia.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi. Nilipunguza vipengele vya sakafu hadi 5, nikairuhusu kaolini iwe na vilele vipana visivyolingana kwa pande zote za fuwele, na Uiso zote nikazifunga kwenye thamani za kawaida. Kaolini ikatoka 28, kwatsi ikashuka hadi 46. Rwp ya kile kipimo cha kwanza ikapanda kutoka 3.8 hadi 3.9. Kijana wangu aliiona akakunja uso: "Sasa mbona imeharibika?" Nikamwekea mistari miwili ya sakafu, wa zamani na mpya, mmoja juu ya mwingine, nikamwacha aangalie.

Oksidi za chuma bado sijaziamini. Kwa tyubu ya shaba chembe za chuma humeza eksirei zenyewe na kuonekana chache kuliko zilivyo, na hilo halirekebishwi kwa kuchezea sakafu. Kwenye ripoti mpya nimeandika "angalau 5".

Mzee aliisoma ya pili akatikisa kichwa kukubali, akauliza aongeze mchanga kiasi gani vigae visipasuke. Hilo eksirei haijibu. Tumefyatua vipande vya majaribio vyenye mchanga debe moja kwa matano, moja kwa manne na moja kwa matatu, vimeanikwa nyuma ya maabara, na napima urefu wake kila asubuhi.