Statiki na dainamiki kwenye kuchambua programu hasidi: WannaCry iliyogoma kuwaka

Kuna kitu huwa kinawachanganya sana wanaoanza kuchambua programu hasidi. Mtu anapata sampuli ya WannaCry, ile ransomwea, yani programu inayofunga mafaili yako mpaka ulipe, iliyovuruga dunia tarehe 12 Mei 2017, anaiweka kwenye mashine ya majaribio, anabofya mara mbili, anakaa kusubiri lile dirisha jekundu la kudai dola 300, na hakuna kitu. Dakika kumi kimya. Anasema aah hii mbovu, anaifuta. Kumbe sampuli ni nzima kabisa, ila maabara yake ndo imeidanganya vizuri kupita kiasi, na ukielewa kwa nini, basi tofauti ya statiki na dainamiki umeshaielewa pia.

Kwanza maana. Kuchambua programu hasidi ni kutafuta hili faili linafanya nini, linaacha alama gani, na nitalitambuaje likiwa kwenye mashine nyingine. Statiki, wengine wanaita uchambuzi tuli, ni pale unapolikagua faili bila kuliendesha hata sekunde moja, kama fundi anayefungua boneti injini ikiwa imezimwa. Dainamiki ni kuwasha gari na kusikiliza: unaliendesha faili kwenye mashine uliyoitenga halafu unaangalia limegusa mafaili gani, limeongea na nani kwenye mtandao. Sandiboksi ndo hiyo gereji yenyewe, mashine ya bandia ambayo ikiungua hulii.

Tuanze na injini imezimwa. Sampuli mara nyingi inakuja kwenye zipu yenye paswadi `infected`, huo ni utaratibu wa watu wa kazi hii, na ukiifungua ipe jina linaloishia `.bin` sio `.exe` ili kidole kisikuponze. Kazi hii naifanyia kwenye Linux, maana pale faili la Windows halina pa kuwakia.

```
sha256sum sampuli.bin
strings -n 8 sampuli.bin | less
```

Mstari wa kwanza unakupa hashi, alama ya kidole ya faili, na hiyo ndo unaitafuta kwenye VirusTotal, tovuti inayokagua mafaili kwa antivirusi nyingi, kabla ya yote, hashi tu, usipakie faili lenyewe kama limetoka kwenye mashine ya mtu maana linaweza kuwa na taarifa zake ndani. Mstari wa pili unatoa maneno yanayosomeka ndani ya faili, na kwenye WannaCry hapo ni karamu. Unaona `mssecsvc2.0`, jina la sevisi linaloigiza kitu cha usalama cha Microsoft. Unaona `tasksche.exe`. Unaona ule msemo `This program cannot be run in DOS mode` ukijirudia, maana yake kuna programu nyingine zimefichwa ndani ya programu. Unaona `WNcry@2ol7`, ambayo ni paswadi ya zipu iliyobebwa ndani, imeachwa wazi tu. Na unakutana na hiki:

```
http://www.iuqerfsodp9ifjaposdfjhgosurijfaewrwergwea.com
```

Sasa hapo ndo statiki ya juujuu inaishia. Umeona anwani ya ajabu, lakini neno peke yake halikwambii ni ya nini. Mtu yeyote angebahatisha kwamba ni seva ya wahalifu inayotoa amri, na angekosea. (Na hapa tuna bahati, WannaCry haijafungashwa. Sampuli nyingi zinakuja zimebanwa au kufumbwa, unapiga `strings` unapata takataka tupu, na hiyo takataka yenyewe ni dalili: jua kwamba kodi halisi itafunguka kwenye memori faili likishaendeshwa.)

Ukitaka kujua anwani inatumikaje unaingia statiki ya ndani, unafungua faili kwenye Ghidra, kifaa cha kurudisha programu kuwa kodi inayosomeka, na kufuata ni wapi ile anwani inaitwa. Nikiirahisisha, kodi iko hivi:

```
h = InternetOpenUrlA(net, url, 0, 0, 0x84000000, 0);
if (h == 0) {
    endelea_na_uharibifu();
}
```

Isome taratibu. Inajaribu kufungua anwani. Ikishindwa, inaendelea na uharibifu. Ikifanikiwa, inafunga na kuondoka zake kimyakimya. Yani imewekwa kinyume na ulivyotarajia, seva ikijibu ndo mnyama analala.

Tushike hapo kwanza, tujenge gereji, maana bila gereji usiwashe kitu.

Ninayowashauri wanafunzi ni mashine mbili za bandia ndani ya VirtualBox: moja Windows, wengi tunaweka vifaa vya FLARE-VM juu yake, nyingine REMnux, ambayo ni Linux iliyoshatayarishwa kwa kazi hii. Laptopu ya ramu GB 8 itajikongoja, GB 16 unapumua. Kosa ambalo wengi wanafanya ni mpangilio. Weka kila kitu kwanza, apdeti, vifaa, kila kitu, mtandao ukiwa bado NAT, na sampuli ikiwa kwenye zipu yake ndani ya REMnux. Zima ulinzi wa Defender ndani ya hiyo Windows ya bandia, ukianza na Tamper Protection, la sivyo sampuli inafutwa kabla hujaigusa. Ndipo uzime zote mbili, ukate mtandao:

```
VBoxManage modifyvm "win" --nic1 intnet --intnet1 "maabara"
VBoxManage modifyvm "remnux" --nic1 intnet --intnet1 "maabara"
```

Hiyo `intnet` ni mtandao wa ndani, mashine mbili zinaonana zenyewe tu. Wengi wanachagua `hostonly` wakidhani ni kitu kilekile, hapana, `hostonly` inaipa laptopu yako halisi anwani kwenye mtandao huohuo, na WannaCry ni mnyoo, inagonga poti 445 ya kila jirani inayemuona. Laptopu isiyo na ile apdeti ya MS17-010 ya Machi 2017 itafunguka. `bridged` ndo usiiguse kabisa, hapo umeileta kwenye waifai ya hosteli nzima.

Halafu zima klipubodi ya pamoja, zima kuburuta mafaili, na futa folda ya pamoja. Hii ya folda nawaambia kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza wa haya mambo nilikuwa nimekata mtandao vizuri, najiamini, nikasahau folda ya pamoja iko wazi kwa sababu ndo niliyotumia kuingizia sampuli. Ransomwea haikuhitaji mtandao wala ujanja, iliiona ile folda kama draivu ya kawaida tu ikaifunga, na ndani kulikuwa na noti zangu za semista. Siku hizi sampuli naitoa REMnux kwenda Windows kwa `python3 -m http.server 8080`, naichukua kwa brauza, basi.

Mtandao wa ndani hauna wa kugawa anwani kwahiyo weka kwa mkono, REMnux 10.10.10.1, Windows 10.10.10.2, na kwenye Windows geti na DNS zote ziwe 10.10.10.1. Pima kabla ya kuwasha chochote: kutoka Windows ping 8.8.8.8, isijibu. Ping ruta yako ya nyumbani, isijibu. Ikijibu hata moja, simama, rudi nyuma. Zikigoma zote, zima Windows na upige snapshoti, yani picha ya hali ya mashine utakayoirudia, kwa `VBoxManage snapshot "win" take "safi"`, kisha iwashe tena.

Sasa intaneti ya bandia. Programu hasidi nyingi zikikosa mtandao zinalala, ndo maana kwenye REMnux tunawasha `fakedns` na `inetsim`. Wa kwanza anajibu kila swali la jina kwa kusema njoo 10.10.10.1, wa pili anajifanya tovuti yoyote utakayoitaja. Kwa sampuli nyingi huu ni msaada mkubwa.

Kwa WannaCry ndo mtego wenyewe. Washa Wireshark, inayoonyesha kila kinachopita mtandaoni, upande wa REMnux, kwenye Windows ipe sampuli mkia wa `.exe` na uiendeshe kama adimini, na utaona inauliza lile jina refu, `fakedns` inajibu, inaomba ukurasa, `inetsim` inatoa ukurasa wake, halafu kwenye Procmon, kifaa cha Windows kinachoandika kila kitu programu inachofanya, unaona programu inajimaliza. Kwisha. Yule mwenzetu wa mwanzo aliyefuta faili aliona hiki, na angesoma zile kodi mistari mitatu angejua maabara yake imejibu swali lisilotakiwa kujibiwa.

Rudisha snapshoti, ingiza sampuli tena, zima `fakedns` na `inetsim`, endesha tena. Safari hii swali la jina halipati jibu, na muda si mrefu sevisi ya `mssecsvc2.0` inazaliwa, `tasksche.exe` inadondoshwa ndani ya `C:\Windows`, mafaili yanaanza kupata mkia wa `.WNCRY`, na dirisha jekundu linajitokeza. Usiangalie dirisha, angalia Wireshark: Windows inaulizia nani ana 10.10.10.3, nani ana 10.10.10.4, inapanda namba kwa namba, majirani ambao hawapo. Pamoja na hizo kuna majaribio ya poti 445 kwenda anwani za mbali za kubahatisha, yote yanafia REMnux. Huo ndo mnyoo ukitafuta mlango, na hakuna `strings` inayoweza kukuonyesha kwa uwazi huo.

Kihistoria nayo ilienda karibu hivihivi. Marcus Hutchins, mtafiti wa usalama wa Uingereza, aliiona ile anwani siku ileile ya Mei 12, akaona haina mwenyewe, akainunua kwa dola kumi na kitu, akiwa anataka tu kuhesabu mashine zilizoambukizwa. Hakujua ameizima. Ikaanza kusemwa kwamba usajili wake ndo umeiwasha, kwahiyo aliendesha sampuli kwenye mashine yake ya majaribio, kimya, kisha akabadilisha faili la `hosts` ili anwani ile isipatikane, akaendesha tena, na mashine ikafungwa mafaili, akashangilia kuona ransomwea imewaka, maana sasa alijua usajili wake ndo unaizima. Majaribio mawili, tofauti ni kitu kimoja tu.

Ila ukirudi kwenye ile kodi kuna jambo ambalo hata jaribio la pili halikuonyeshi. Ule wito wa kufungua anwani unaenda moja kwa moja, haupiti kwenye proksi. Kwahiyo ofisi ambazo kila kompyuta inatokea mtandaoni kupitia proksi, WannaCry ilijaribu, ikashindwa kufika, ikaona hakuna jibu, ikaendelea na kazi yake, na hapo anwani ilikuwa imeshasajiliwa zamani.