Mashine ya espreso ya bei nafuu: geuza kichujio kabla hujalipa

Mimi ni fundi wa mashine za kahawa hapa Nairobi. Mchana nahudumia mikahawa ya Westlands na Upper Hill, jioni napokea simu za watu waliojinunulia mashine ndogo za nyumbani. Swali lao ni lilelile: mashine ya chini ya shilingi 25,000 inaweza kweli kutoa espreso kama ile ya mkahawani? Jibu langu ni ndiyo, inaweza, kikombe kimoja kwa wakati, mradi iwe na pampu, ikubali kichujio cha kawaida cha ukuta mmoja, na uwe na kinu cha kusaga kahawa laini sawasawa. Hilo la kinu ndilo watu hawapendi kulisikia, kwa sababu pesa zote zimeshaishia kwenye mashine.

Kwanza tuondoe zile zisizo na pampu kabisa. Utazijua kwa kifuniko kikubwa cha kukaza kwa mkono juu ya tangi dogo la maji: unajaza maji, unafunga, yanachemka, na mvuke ndio unaoyasukuma kupita kwenye kahawa. Presha hupimwa kwa baa: yake ni mbili tatu hivi, wakati espreso huhitaji karibu baa 9. Juu ya hayo, maji hufika kwenye kahawa yakiwa moto kupita kiasi na kuiunguza. Kahawa yake hunyweka, hasa ukitia maziwa, lakini si espreso na hakuna ufundi utakaoibadilisha.

Zenye pampu ndizo zinazojisifu kwa maandishi makubwa: baa 15, baa 20. Mteja akiona hivyo hufikiri baa 20 ni bora kuliko baa 15. Namba hiyo ni presha ya mwisho ambayo pampu ingefikia kama njia ya maji ingezibwa kabisa. Presha inayofanya kazi ndani ya kahawa hutokana na ukinzani wa kahawa yenyewe. Pampu husukuma maji, kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa huyazuia, na katika kule kuzuiana ndipo presha hupanda. Kahawa ikiwa chenga kubwa, maji hupita tu, na pampu ya baa 20 haitakuwa na kitu cha kusukuma.

Watengenezaji wanajua kwamba mnunuzi wa mashine ya bei hii atatia kahawa ya pakiti kutoka supamaketi, ambayo kwa kawaida husagwa kwa ajili ya kuchuja au ya French press, birika la kubonyeza kwa mkono. Kwa hiyo wanamwekea kichujio cha kuta mbili. Ukikitazama kwa ndani utaona matundu mengi madogo, ukikigeuza chini utaona tundu moja tu, dogo kama ncha ya sindano. Tundu hilo ndilo linalozuia maji badala ya kahawa. Kahawa hurushwa kupitia hapo kwa nguvu na kutoka na povu, na mteja huona povu akadhani ni krema, lile tabaka la juu ya espreso halisi. Lakini povu hilo ni jeupe-jeupe, lina mapovu makubwa, na huisha upesi. Krema ya kweli ni nzito, ya rangi ya udongo mwekundu, na ukiisogeza kwa kijiko hurudi polepole kufunika kahawa. Ladha ndiyo inayofichua zaidi: ya kuta mbili huwa nyepesi katikati ya ulimi, kama kahawa ya kawaida iliyopigwa.

Sisemi kichujio hicho ni kibaya kwa kila mtu. Kama huna kinu na hutanunua, baki nacho, kwa sababu ukiweka cha ukuta mmoja na kahawa ya pakiti utapata maji mepesi yenye uchachu. Ila usitegemee ladha ya mkahawani.

Nieleze kwa mfano. Mama mmoja wa South B aliniita akiwa ameshakata tamaa na mashine yake mpya. "Fundi, hii kitu imenidanganya," akaniambia kabla sijaketi. "Povu ipo, ladha hakuna." Nikamwambia, "Mama, hebu nione kichujio kwanza." Kilikuwa cha kuta mbili, milimita 51, kipimo kinachotumika kwenye nyingi za mashine hizi ndogo. Nilikuwa na cha ukuta mmoja cha kipimo hicho mkobani, pamoja na mizani ya gramu na kinu cha mkono chenye meno ya chuma. Kile cha visu, kinachokatakata kama blenda, hakifai hapa, kwa sababu hutoa unga na chenga pamoja. Maji huukwepa unga na kukimbilia penye chenga.

Tulianza na kahawa yake ya pakiti, gramu 15, ili aone mwenyewe. Maji yalitiririka mara moja, na kikombe kikafika gramu 30 kwa sekunde zisizozidi 8. Rangi ya mkojo wa ng'ombe, uchachu wa kukunja uso. Kisha nikasaga punje alizonunua kwa mchomaji wa jirani, laini sana, karibu na unga wa kusuguliwa kati ya vidole. Gramu 15 tena, nikasawazisha kwa kidole, nikashindilia ikiwa imelala sawa. Safari hii pampu ilinguruma kwa sauti nzito, kahawa ikaanza kudondoka tone tone, na dakika ikapita kabla ya kufika gramu 20. Ilikuwa chungu kama majivu na ulimi ukakauka. Mashine ilikuwa imesukuma presha hadi mwisho wake na kahawa haikukubali kupita.

Nikalegeza kinu hatua mbili. Tone la kwanza likatoka baada ya sekunde kama 7, kisha uzi mwembamba wa rangi ya kahawia ukashuka bila kukatika. Kwenye gramu 30 nikazima kwa mkono, saa ikiwa inasoma sekunde 28. Mashine hizi huwa na kitufe kinachojizima chenyewe kwa kipimo cha kiwandani, na mara nyingi kipimo hicho huendelea kutoa hadi uzi umepauka, ndipo uchungu unapoingia. Fuata mizani, achana na kitufe. Mama alionja akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa hii ndiyo ile ya Upper Hill."

Kutoka hapo sheria yake ni moja: usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Gramu 15 ndani, 30 nje, zibaki hivyohivyo. Ikitoka chini ya sekunde 20 na kuwa chachu, kaza kinu. Ikipita 35 na kuwa chungu, legeza. Ikitoka kwa muda mzuri lakini inarusha matone pembeni, au ukitoa tonge la kahawa iliyotumika unaona tundu, basi maji yalijipenyeza upande mmoja; saga vilevile, sawazisha vizuri zaidi kabla ya kushindilia. Kile kishindilio cha plastiki kinachokuja kwenye boksi huwa kidogo kuliko kichujio na huacha ukingo haujashindiliwa. Cha chuma cha milimita 51 kinalipa.

Punje nazo zina mchango. Kahawa nyingi nzuri za Kenya, za aina kama SL28 na SL34 kutoka Nyeri au Kirinyaga, zina uchachu unaopendeza sana zikichujwa, na wachomaji huzichoma kidogo ili uchachu huo ubaki. Kwenye mashine ndogo uchachu huo hugeuka mkali kama ndimu. Omba zilizochomwa wastani kuelekea nyeusi, na uangalie tarehe ya kuchomwa: ziache wiki moja hivi, kisha zitumie ndani ya mwezi.

Joto ndilo pengo la kweli kati ya mashine hizi na ya mkahawani, na hapa watu wa Nairobi hunishangaza kwa hofu isiyo na msingi. Wanajua maji yetu huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu tuko kama mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo wanadhani espreso haiwezekani. Ndani ya mashine maji yako chini ya presha, hivyo yanaweza kupita nyuzi 94 bila kuchemka. Espreso inataka kati ya 90 na 96, kwa hiyo mwinuko haukunyimi kitu.

Tatizo ni chuma baridi. Taa huwaka kwamba mashine iko tayari baada ya dakika moja, lakini mpini unaobeba kichujio, na kichujio chenyewe, bado ni baridi na hunyonya joto la maji. Funga mpini mahali pake mashine ikipata moto, subiri dakika 10 hivi, kisha pitisha maji matupu hadi kwenye kikombe, ukaushe kichujio ndipo utie kahawa. Uchachu usioisha hata ukikaza kinu, mara nyingi huwa umetokana na hapo.

Ukianza na maziwa, mambo hugeuka: mashine imepanda hadi joto la mvuke, na kahawa itaungua. Fungua maji bila kahawa. Yatatoka yakifoka na kutema mvuke. Yaache hadi yatulie na kutiririka kimya. Hapa mwinuko wetu unatusaidia, kwani maji huacha kufoka yanaposhuka kwenye kiwango cha kuchemka, yaani karibu 94, joto lilelile tunalolitaka. Mtu wa Mombasa, ambako yanachemka kwenye 100, itabidi aendelee kidogo baada ya kutulia.

Kwa kapuchino, tarajia kusubiri. Mvuke wa mashine hizi ni dhaifu, na maziwa ya kikombe kimoja yanaweza kuchukua dakika nzima au zaidi. Ukiwa na wageni wanne, wa nne atakunywa wa kwanza akiwa ameshamaliza.

Sasa dukani. Mwambie muuzaji afungue boksi, akupe kichujio, ukigeuze. Kikiwa na tundu moja, muulize kipenyo chake na kama cha ukuta mmoja cha kipimo hicho kinapatikana. Asipojua, pima mwenyewe kwa rula. Tazama kama mashine ina tangi la maji la kutoa, dalili ya kawaida ya pampu, na si kifuniko cha kukaza. Jaribu kama unaweza kuizima kwa mkono katikati ya mtiririko. Bajeti ikiwa 25,000 kwa kila kitu, bora mashine ya 13,000 na kinu cha 12,000 kuliko mashine ya 25,000 na kahawa ya pakiti.

Na ukipata ya mitumba, soma kibandiko cha chini kabla ya kuichomeka. Nyingine huja kutoka Amerika zikiwa za volti 120, na kwenye umeme wetu wa volti 240 kipasha maji huungua mara ya kwanza tu. Unachotafuta ni 220-240V, 50Hz.