Picha hupigwa, dawa hunywewa

"Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa picha, dawa na mtihani. Kwa nini nisiseme 'kuchukua' kwa vyote vitatu? Si maana ni ileile?"

Hapana. Kuchukua ni kukitoa kitu kilipo na kuondoka nacho. Ukiniambia umechukua picha, nakuona umeitoa ukutani. Aliyeelekeza kamera akabonyeza amepiga picha.

Kwenye dawa, kosa hili linaniumiza zaidi. Fikiria muuguzi anamuuliza mgonjwa mzee, "Bibi, umechukua dawa?" Bibi anajibu, "Nimechukua, mwanangu," na ni kweli: alikabidhiwa dirishani asubuhi, zimo kwenye mkoba, pakiti haijafunguliwa. Angeulizwa "Umekunywa dawa?" angesema bado. Na kunywa si kwa dawa ya maji tu. Vidonge navyo tunavinywa, ingawa kuvimeza ni sahihi vilevile.

Mtihani tunaufanya. Lakini usidhani basi "kufanya" kutakufaa kila mahali, maana kelele hupigwa, kama simu, pasi na kura.

Ukiwa na shaka, jiulize: kimechukuliwa kikapelekwa wapi? Swali likiwa na jibu, kama kwa mzigo au mtoto aliyefuatwa shuleni, "kuchukua" kumekaa pake. Kipimo hiki kinakwama kwenye "kuchukua hatua" na "safari imechukua siku mbili", ambako hakuna kinachobebwa. Hizo zimeshazoeleka hivyo, nawe zishike kama zilivyo.