Tiba lishe kwa mgonjwa wa figo: kupanga mlo kwa vyakula vya nyumbani

Tiba lishe ni matumizi ya chakula kama sehemu ya matibabu, ambapo aina ya chakula, kiasi chake na namna ya kukipika huamuliwa kwa kuzingatia ugonjwa wa mtu na majibu ya vipimo vyake. Mwanafunzi anayepewa zoezi la kumpangia mlo mgonjwa wa figo mara nyingi huanza na orodha ya vyakula vya kukataza, na kazi huharibika hapo hapo. Inafaa kuanza na uzito wa mgonjwa na karatasi ya maabara.

Tuchukue mfano wa mwanamume wa Moshi mwenye uzito wa kilo 60 bila uvimbe, ambaye ugonjwa wake wa figo umefikia hatua ya 4 kati ya 5 lakini bado hajaanza kusafishwa damu. Potasiamu yake ni milimoli 5.8 kwa lita, wakati kiwango cha kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Amezoea ndizi za machalari na mtori, maharage na parachichi. Vyote hivyo ni vyakula vizuri kwa mtu mwenye figo nzima, lakini kwake vinaongeza potasiamu ambayo figo zimeshindwa kuitoa, na potasiamu ikizidi sana huweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuyasimamisha.

Kwa hatua hiyo protini hukadiriwa kuwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 48 kwa siku, na nishati kama kilokalori 30 kwa kilo, yaani 1,800. Hesabu hizi mbili haziachani. Mgonjwa akipunguziwa nyama bila kuongezewa chakula cha kumtia nguvu, mwili huanza kula misuli yake wenyewe, na urea, ambayo ni taka ya protini, hupanda katika damu ingawa sahani inaonekana imefuata masharti.

Asubuhi anaweza kupata uji wa sembe wenye sukari, iwapo hana kisukari, pamoja na vipande viwili vya mkate na yai moja. Hapo amepata takribani gramu 13 za protini. Mchana apewe ugali wa gramu 120 za unga wa sembe, kipande cha samaki mbichi aliyepikwa chenye gramu 60 hivi, na kabichi, ambavyo kwa pamoja vina gramu 25 au 26. Jioni wali wa gramu 100 za mchele, biringanya na kipande cha nanasi vinaongeza gramu 9 hivi, na hesabu ya protini inatimia. Vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya kupikia, vikigawanywa mchana na jioni, ndivyo vinavyofikisha nishati karibu na 1,800. Sembe imechaguliwa badala ya dona kwa makusudi, kwa kuwa pumba na kiini cha mahindi vina potasiamu na fosforasi nyingi zaidi.

Upishi nao unahitaji maelezo katika zoezi, kwa sababu potasiamu huyeyuka katika maji. Mboga za majani zikipikwa kwa maji yake zenyewe, kama wengi wetu tunavyofanya, potasiamu yote hubaki sufuriani. Zikatwe, zichemshwe katika maji mengi, maji yamwagwe, kisha ziungwe kwa kitunguu na mafuta, bila karanga. Ndizi na viazi hukatwa vipande vidogo na kuchemshwa vivyo hivyo. Kuviloweka tu bila kuvichemsha hakusaidii sana. Hata baada ya hapo ndizi zinabaki kuwa chakula cha mara moja moja kwa kiasi kidogo, na mtori, ambao hupondwa pamoja na mchuzi wake, haumfai mgonjwa huyu kwa sasa.

Chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyomo katika mkate, isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Magadi na vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi vinaongeza sodiamu, kwa hiyo ladha itokane na limau, tangawizi na kitunguu saumu. Chumvi mbadala inayouzwa kama chumvi salama kwa wenye shinikizo la damu iepukwe kabisa, kwani nyingi hutengenezwa kwa kloridi ya potasiamu.

Ikiwa mlo umefuatwa na potasiamu bado haishuki, muulize daktari kama mgonjwa anatumia dawa zinazopandisha potasiamu, kama spironolaktoni, na chunguza iwapo anapata choo kigumu, kwa kuwa sehemu ya potasiamu hutoka kwa njia ya choo. Siku atakapoanza kusafishwa damu, mpango huu hupanguliwa: protini hupanda hadi gramu 60 au 72, kwa kuwa sehemu yake hupotea wakati wa kusafishwa.

Sahani hii haihamishwi kwa mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi mwenye figo nzima. Yeye akitumia furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, huenda potasiamu yake ikashuka, na ndizi zikawa chakula chake halali. Kinachobaki sawa ni chumvi. Akiwa amewekewa kikomo cha vinywaji, uji, chai na supu huhesabiwa pamoja na maji, na hupimwa uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja, kwa sababu ongezeko la kilo 2 ndani ya siku 3 huwa ni maji yanayojikusanya mwilini, na linahitaji kuripotiwa kwa daktari mapema.