Asilimia 30 ya faida, si asilimia 30 ya kila mstari: dhana potofu kuhusu kampuni mshirika

Tuchukue kampuni ya kukoboa kahawa iliyopo Moshi ambayo, tarehe 1 Januari 2023, ilinunua asilimia 30 ya hisa za kampuni ya Arusha inayokaanga na kufungasha kahawa, kwa shilingi milioni 600. Kampuni ya Moshi inateua wajumbe wawili kati ya saba wa bodi ya Arusha, nayo ina kampuni tanzu ndogo ya usafirishaji, hivyo kila mwaka huandaa hesabu za kundi zima. Ni mfano wa kubuni, lakini makosa nitakayoyaeleza si ya kubuni. Nimeyaona kwenye rasimu za hesabu zaidi ya mara moja, na mengine niliyafanya mwenyewe nilipokuwa mgeni katika kazi hii.

Dhana: kwa kuwa tunamiliki asilimia 30, tunachukua asilimia 30 ya mauzo, ya gharama, ya mitambo na ya madeni yao.

Katika mwaka 2023 kampuni ya Arusha iliuza kahawa ya shilingi bilioni 2. Mhasibu anayeshika dhana hii ataongeza milioni 600 kwenye mauzo ya kundi, kisha ataendelea hivyo hivyo mstari kwa mstari hadi kwenye mkopo wa benki. Mauzo ya kundi yatanenepa, na msomaji wa hesabu ataamini kwamba menejimenti ya Moshi inaendesha biashara kubwa kuliko inayoiendesha kwa kweli.

Ukweli ni kwamba kampuni ya Moshi haina mamlaka juu ya mtambo wowote wa Arusha. Haiwezi kuuza mashine, kuajiri meneja wala kuchota fedha benki. Inachoweza ni kushiriki katika maamuzi ya sera bila kuyatawala, na hicho ndicho kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IAS 28 kinakiita ushawishi mkubwa; kampuni iliyo chini ya ushawishi huo ndiyo kampuni mshirika. Mali na madeni huunganishwa mstari kwa mstari pale tu penye udhibiti, kama ilivyo kwa ile kampuni tanzu ya usafirishaji. Penye ushawishi pekee, kundi huonyesha mstari mmoja katika taarifa ya hali ya fedha, yaani uwekezaji katika kampuni mshirika, na mstari mmoja katika taarifa ya mapato, yaani sehemu yake ya faida.

Dhana hii ina asili yake. Kiwango cha zamani cha IAS 31 kiliruhusu ubia wa pamoja, yaani biashara inayodhibitiwa na wabia kwa pamoja, uunganishwe kwa uwiano wa umiliki, na ruhusa hiyo iliondoka pale kiwango kipya cha IFRS 11 kilipoanza kutumika mwaka 2013. Waliojifunza uhasibu kabla ya hapo hukumbuka uwiano, na husahau kwamba ulihusu ubia, si kampuni mshirika.

Dhana: asilimia 20 ndiyo mpaka wa ushawishi mkubwa.

Asilimia 20 ya kura ni dhanio la kuanzia tu, na linaweza kupinduliwa kwa ushahidi wa wazi. Mwenye asilimia 15 aliye na kiti katika bodi, au anayewapa mshirika utaalamu wa kiufundi wasioweza kuukosa, anaweza kuwa na ushawishi mkubwa. Mwenye asilimia 25 anayezuiwa kabisa na mbia mkubwa anaweza kuukosa. Katika mfano wetu viti viwili vya bodi vinatosha kumaliza ubishi.

Dhana: mapato yetu kutoka Arusha ni gawio tulilopokea.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo hesabu nyingi huharibika. Mwaka 2023 kampuni ya Arusha ilipata faida ya milioni 200 baada ya kodi, ikatoa gawio la milioni 80. Mhasibu wa Moshi aliona milioni 24 zimeingia benki akaziandika kuwa mapato. Mwenzake aliyesikia habari za sehemu ya faida akaongeza milioni 60, yaani asilimia 30 ya milioni 200, na akaziacha zile 24 mahali pake. Sasa shilingi ile ile imehesabiwa mara mbili, kwa kuwa gawio hutoka ndani ya faida ambayo tayari imeshachukuliwa.

Utaratibu sahihi ni huu. Uwekezaji huanza kwa gharama ya milioni 600. Sehemu ya faida, milioni 60, huuongeza na kwenda kwenye taarifa ya mapato. Gawio la milioni 24 huupunguza, kama mtu aliyevuna sehemu ya kilichokuwa shambani: fedha zimeongezeka benki, uwekezaji umepungua, na faida haikuguswa.

Lipo jambo moja zaidi. Katika mwaka huo Moshi iliwauzia Arusha kahawa mbichi kwa faida ya milioni 40, na hadi tarehe 31 Desemba nusu ya kahawa hiyo ilikuwa bado ghalani Arusha. Faida ya milioni 20 iliyomo ndani yake haijathibitishwa na mnunuzi wa nje, na kwa kuwa asilimia 30 ya ghala hilo ni kama ya Moshi yenyewe, milioni 6 lazima ziondolewe. Nikizitoa kwenye sehemu ya faida, mstari wa mapato unabaki na milioni 54, na uwekezaji unafunga mwaka hivi:

```
600 + 60 - 24 - 6 = 630
```

Mkaguzi mwenye haraka anaweza kugundua kosa kwa kulinganisha: ikiwa mapato kutoka kwa mshirika yanalingana na gawio lililoingia benki, au uwekezaji haujasogea tangu siku ya ununuzi, kuna jambo la kuuliza. Katika taarifa ya mtiririko wa fedha, zile milioni 54 hazionekani kama fedha. Milioni 24 ndizo zinazoonekana. Na kwa kuwa faida ya Arusha imeshakatwa kodi, kuitoza kodi tena ndani ya hesabu za kundi pamoja na faida ya Moshi ni kosa jingine la kawaida.

Dhana: kilicholipwa zaidi ya mali halisi kiandikwe peke yake kama thamani ya jina jema.

Mali halisi za Arusha, yaani mali baada ya kutoa madeni, siku ya ununuzi zilikuwa na thamani ya milioni 1,500, na asilimia 30 yake ni 450. Zile 150 zilizozidi hubaki ndani ya mstari wa uwekezaji. Hazipunguzwi kila mwaka wala hazipimwi peke yake; dalili za kushuka kwa thamani zikijitokeza, uwekezaji wote hupimwa kwa pamoja.

Dhana: hasara ya mshirika itatufanya tuonyeshe uwekezaji hasi.

Tuseme mwaka 2024 kampuni ya Arusha ilipata hasara kubwa mno, ya milioni 2,300. Sehemu ya Moshi ni milioni 690, lakini uwekezaji una 630 tu. Moshi huandika hasara ya 630, mstari unafika sifuri, na kazi inaishia hapo, isipokuwa imeahidi kulipa madeni ya Arusha au imewakopesha fedha za muda mrefu zisizotarajiwa kurejeshwa karibuni, ambazo huhesabiwa kuwa sehemu ya uwekezaji. Milioni 60 zilizobaki huwekwa kwenye kumbukumbu nje ya hesabu. Arusha ikirudi kwenye faida, sehemu ya Moshi hufuta kwanza zile 60, na hadi zitakapokwisha mstari wa mapato hubaki sifuri, hata kama magazeti yanaandika kwamba kampuni ya Arusha imefufuka.