"Asubuhi sukari yangu nzuri, kisukari kimetoka wapi?"

Karatasi ya majibu ya kipimo cha sukari ya damu ilikuwa na namba tatu, kwa milimoli kwa lita: 4.7, 10.8 na 9.1. Mwenyewe, mama wa Mkoani, Pemba, mwenye mimba ya wiki 26, aliiweka mezani kwangu akakaa kimya. Hajawahi kuumwa, hana kiu ya ajabu, hajakonda. Tukaanza na ile namba aliyoitegemea.

Dhana: Namba ya kwanza iko sawa, basi sina kisukari.

Hapana, kwa sababu kila namba inajibu swali lake. Ya kwanza imechukuliwa hujala tangu usiku, nayo inaeleza kama mwili unaweza kujitunza ukiwa umetulia. Kikomo chake katika mimba ni 5.1, kwa hiyo 4.7 ni njema. Kisha ukanywa gramu 75 za glukosi ndani ya dakika tano, ukakaa kitako, damu ikatolewa baada ya saa moja na tena baada ya saa mbili. Hapo mwili umetwishwa mzigo. Saa moja mwisho ni chini ya 10.0, saa mbili chini ya 8.5. Wewe umevuka zote mbili.

Maana yake kongosho lako linamudu usiku, ila chakula kikiingia linachelewa. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya kongosho isifanye vizuri kazi yake ya kushusha sukari, na kadiri mimba inavyokua ndivyo kondo linavyozitoa zaidi. Ndiyo maana kipimo hufanywa kati ya wiki 24 na 28. Kwa kipimo hiki cha gramu 75, hata namba moja iliyovuka ingetosha. Kuna kipimo kingine cha gramu 100, damu mara nne, ndicho kinachodai mbili. Jirani akikwambia yake moja ilipanda akaachiwa, muulize kwanza alinywa kipi.

Dhana: Nilikula halua usiku ule, ndiyo ikaharibu majibu.

Ulifunga saa nane au zaidi, halua ya usiku imeshapita. Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni kinyume chake: mtu anaogopa, anajinyima wali na mkate siku tatu nzima, halafu mwili uliozoea wanga kidogo unashtushwa na glukosi na namba zinapanda. Huyu mama alikula kama kawaida yake, majibu tukayaamini. Alinionesha pia kuwa mkojo wake kliniki haukuwa na sukari. Mkojo si hakimu hapa: wenye mimba wengine huvujisha sukari bila kisukari, na wengine wana kisukari na mkojo safi.

Dhana: Sasa basi, wali wa nazi ndiyo kwaheri.

Tatizo lake lilikuwa baada ya kula, basi tukapima hapo hapo. Alipewa mashine ya kidole. Chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi manne: saa moja baadaye, 9.6. Lengo ni chini ya 7.8. Siku ya pili chai kavu, kipande kidogo cha muhogo wa kuchemsha na samaki wa kuchoma, kisha akatembea mpaka dukani na kurudi: 7.1. Mchana alibaki na wali wake, kikombe kimoja cha uliopikwa, mchicha mwingi na samaki. Juisi ya miwa ndiyo niliyomkataza kabisa; hiyo hunywewa upesi, na sukari yake hupanda upesi vile vile.

Dhana: Nikifika kwenye sindano, nimemdhuru mtoto.

Insulini haivuki kondo. Sukari ndiyo inayovuka, na mtoto huijibu kwa kutoa insulini yake mwenyewe. Ndiyo maana ananenepa, mabega yanaweza kukwama wakati wa kuzaliwa, na akishakatwa kitovu sukari yake inaweza kushuka ghafla, maana insulini bado ipo na chakula kutoka kwa mama kimekatika. Kwa hiyo atapimwa kisiginoni mapema, naye anyonye ndani ya saa ya kwanza. Sindano hutakiwa pale namba za kidole zinapobaki juu ijapokuwa chakula kimetengenezwa vizuri. Si adhabu ya maandazi.

Dhana: Kondo likitoka, mambo yamekwisha.

Mara nyingi sukari hurudi chini siku zile zile za uzazi, ndiyo maana watu huamini hivyo. Lakini kongosho lililochelewa sasa linaweza kuchelewa tena miaka ijayo, bila mimba. Kipimo hurudiwa kati ya wiki 6 na 12 baada ya kujifungua, kwa gramu 75 zile zile, ila vikomo vinabadilika: baada ya saa mbili, 7.8 hadi 11.0 ni onyo, 11.1 kwenda juu ni kisukari chenyewe. Mtoto ana chanjo wiki ya 6 na ya 10. Siku moja kati ya hizo, mpeleke nawe uende hujala.